Kabla Hujagawa, Uliza

Ndugu zangu Waislamu, tumeshamhimidi Mola na kumsalia Mtume wake. Sasa nisikilizeni, maana leo sikuja kubembeleza mtu. Hapa mtaani kwetu pana nyumba imeuzwa, fedha zimegawanywa, na watoto wa baba mmoja hawaamkiani. Fitina yote imetoka kwenye simu. Mmoja wa warithi aliuliza katika kundi la WhatsApp: baba amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mmoja wa kike, tugawe vipi? Maiti hajamaliza hata siku tatu kaburini, na jibu limeshapatikana: mke thumuni, kinachobaki wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja.

Na hesabu ni sahihi! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliyejibu kasoma, anayajua mafungu. Ila hakuuliza kama marehemu alikuwa na deni. Kumbe mahari ya yule mjane ilibaki nusu haijalipwa tangu siku ya ndoa, na dukani kulikuwa na mabati na saruji za mkopo. Mwenye duka alipokuja na daftari lake, fedha zilikuwa zimeshageuka pikipiki na sofa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu amekumbusha mara nne kwamba mafungu ni baada ya wasia na deni. Mara nne ndani ya aya mbili, nasi tunazipita mbio kama gari lililokata breki.

Nitawapa hadithi, muichukue kama hadithi. Kijiji kimoja kilikuwa na mashindano ya wanafunzi wa chuo kila msimu wa Maulidi. Zawadi ilikuwa baiskeli, imeegeshwa mbele ya watu, kengele yake bado imefungwa karatasi. Wamebaki vijana watatu. Wawili wana ndevu zinazoanza kuota. Wa tatu ni mtoto wa miaka kama kumi na miwili, kanzu ya kuazima, mikono imemzidi amekunja mara mbili. Shekhe akauliza swali la mwisho:

"Marehemu ameacha wazazi wake wawili na mabinti wawili. Maziko yamegharamiwa, deni limelipwa, wasia hakuna. Zimebaki shilingi milioni 54. Kabla hazijagawiwa, binti mmoja naye akafariki, wala hana mrithi nje ya hao waliobaki. Kila mmoja apewe ngapi?"

Wa kwanza akanyoosha mkono hata Shekhe hajafumba kinywa. "Baba wa marehemu milioni 19, mama 12, binti aliyebaki 23!" Watu wakapiga takbiri. Wa pili, kuona takbiri imepigwa, akasema na yeye jibu lake ni hilohilo. (Hawa tunao wengi. Fatwa yao ni kelele za waliotangulia.)

Mtoto yule alikaa kimya mpaka watu wakaanza kucheka. Bibi mmoja upande wa wanawake akasema, "Mwacheni, kasahau, maskini." Ndipo akasema: "Shekhe, samahani. Aliyefariki mwanzo ni mwanamume au mwanamke?"

Kicheko kikazidi. Shekhe hakucheka. Akamwambia, "Na ukijua, itakusaidia nini?"

Hapa nawaomba msisinzie. Mgawo wa kwanza haubadiliki: baba sudusi, yaani milioni 9, mama sudusi, milioni 9, mabinti thuluthi mbili, kila mmoja milioni 18. Mtego umo katika hizo 18 za binti aliyekufa. Mtoto akaeleza: ikiwa marehemu wa kwanza ni mwanamume, basi yule mzee ni babu mzaa baba wa binti, naye ni mrithi. Bibi anapata sudusi ya 18, milioni 3. Zinabaki 15, na katika madhehebu yetu ya Shafii babu anagawana na dada kama kaka na dada: yeye 10, dada 5. Jumla mzee ana 19, bibi 12, binti 23. "Kaka yangu kajibu vizuri," akasema kwa adabu, "kama ni mwanamume."

"Na kama ni mwanamke?"

"Kama ni mwanamke, Shekhe, yule mzee ni babu mzaa mama. Hayumo katika warithi wa binti, hapati hata shilingi katika zile 18. Lakini hapo itabidi nikuulize tena. Mabinti hawa ni wa baba mmoja?"

Shekhe akaweka tasbihi chini. Kwani hata yeye alikuwa amelenga swali moja tu.

Wakiwa ndugu wa baba na mama, dada ana nusu na bibi ana sudusi. Kinachozidi wanarudishiwa wao kwa kadiri ya mafungu yao, kama walivyofutu wanavyuoni wetu wa baadaye pale ambapo hakuna hazina ya Waislamu iliyo sawa. Dada anatoka na milioni 13 na nusu, bibi 4 na nusu. Wakiwa wamechangia mama tu, dada ana sudusi na bibi sudusi, wanarudishiwa sawa, kila mmoja 9. Angalieni basi: katika sura hizi mbili mzee hana zaidi ya zile milioni 9 za mwanzo. Jibu lililopigiwa takbiri lingempa milioni 10 zisizo zake, tena kwa hesabu isiyo na kosa hata moja.

Shekhe akainuka, akaishika baiskeli mwenyewe, akampelekea mtoto alipokaa.

Swali hilo Shekhe hakulitunga. Ni la zamani, wanavyuoni wanaliita Maamuniyya, kwa jina la Khalifa al-Maamun aliyetawala Baghdad mpaka mwaka 833. Inasimuliwa kwamba alitaka kumpa Yahya bin Aktham ukadhi, akamwona bado kijana, akamjaribu nalo. Yahya hakutoa fungu hata moja. Aliuliza tu: maiti wa kwanza mwanamume au mwanamke? Khalifa akajua kwamba anajua.

Sasa nirudi kwenu, maana sijamaliza. Mnajua habari ya sahaba aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akaota usiku? Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu palepale: huna, maji yapo. Akaoga, akafa. Abu Daud ameipokea. Mtume, rehema na amani zimshukie, habari ilipomfikia aliwaambia kwamba wamemuua, na akasema dawa ya asiyejua ni kuuliza. Hawakuwa watu wa shari wale. Walikuwa na haraka ya kujibu, basi. Wewe unayebonyeza kitufe cha kurekodi huku unakula mihogo, una tofauti gani nao?

Mtaniambia, "Shekhe, watu wanataka jibu fupi." Wape basi maswali mafupi! Nani kafa kwanza? Nani alikuwa hai saa ile? Marehemu anadaiwa na nani, mahari ya mke imekwisha, kuna wasia, nao haujapita thuluthi? Mwenye kushindwa kuyajibu hayo haulizi mirathi bado. Arudi nyumbani akafungue kabati la marehemu, asome karatasi, akaulize madukani. Na ukiona mambo yamekuzidi, kadhi yupo.

Aliyejibu lile swali yumo humu msikitini, wala simtaji. Fedha zilizogawiwa kabla ya deni zina wenyewe, na wenyewe ni mjane na mwenye duka. Leo baada ya Alasiri waite wale vijana, waambie kwa sauti ileile uliyorekodi kwamba hukuuliza, na kila mmoja arudishe kwa kadiri alivyochukua. Pikipiki ikibidi iuzwe, iuzwe. Mjane alipwe mahari yake kwanza, mwenye duka alipwe chake, kisha, kama kitabaki kitu, njooni na karatasi tugawe upya.