"Kwa hiyo" ni neno zito

Mtu akikuletea uthibitisho uusome, nawe tayari unaamini kile anachotaka kukithibitisha, je, unao wajibu wa kuukagua? Au inatosha kutikisa kichwa na kumrudishia karatasi yake? Wengi tungesema kwamba msomaji mwema hujaza mapengo madogo kichwani, hasa kama mwandishi ni mtu wake na nia yake inaonekana. Mimi nimeanza kuona kwamba huko kujaza si wema sana. Nitaeleza kwa mfano wa bao, maana ndiko swali hili lilikonikuta.

Kijana mmoja wa ukoo wetu, mwenyeji wa Wambaa huku Pemba, anasoma hisabati chuoni. Likizo moja aliandika uthibitisho wa jambo ambalo kila mchezaji wa barazani analichukulia kuwa ni kweli: kwamba takasa, hata ikizunguka vipi, mwisho wake hulala. Akanipa karatasi.

Kwa msomaji asiyecheza: bao letu lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana safu zake 2, yaani mashimo 16 yanayozunguka kama duara. Anayetakasa hali kete za mwenzake. Anazoa kete za shimo lake moja na kuzitia moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anazoa zote zilizomo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu imekwisha. Ziko kanuni nyingine za nyumba, vichwa na kimbi, lakini kijana aliziweka kando, na mimi nitaziweka kando pia.

Uthibitisho wake ulikuwa na mistari minne:

1. Kete za mchezaji zina idadi maalumu, na mashimo yake ni 16.
2. Kwa hiyo namna za kuzipanga kete hizo zina kikomo.
3. Kila anapozoa na kutia, mpangilio mmoja unageuka kuwa mwingine.
4. Kwa hiyo takasa haiwezi kuendelea milele. Lazima ilale.

Unasomeka vizuri, au siyo? Nimewaonesha watu watatu wanne, wote wakaukubali. Mimi ninapokagua nina desturi moja tu: kila penye "kwa hiyo" nasimama, nafunika mstari unaofuata kwa mkono, halafu najiuliza, kwa haya niliyopewa mpaka hapa, na haya tu, nalazimika kukubali nini?

"Kwa hiyo" ya mstari wa 2 imesimama imara. Kete 18, kwa mfano, katika mashimo 16 zinapangika kwa namna 1,037,158,320. Ni nyingi, lakini zina kikomo.

Mstari wa 3 una upungufu mdogo. Mpangilio peke yake hautoshi kujua kitakachofuata. Lazima pia ujue mkono uko shimo gani. Kete zile zile, zikizolewa shimo jingine, zitakwenda njia nyingine. Basi tuite "hali" vitu viwili kwa pamoja: kete zilivyokaa na shimo linalozolewa. Hesabu yetu inazidishwa mara 16, na bado kikomo kipo. Pengo hili linazibika kwa sentensi moja, na halikudhuru kitu.

Sasa funika mstari wa 4. Hali zina kikomo, na kila hali inaleta nyingine. Unalazimika kukubali nini? Ukiwa na njiwa 11 na matundu 10, tundu moja litaingia njiwa wawili. Takasa ikiendelea mno, kutakuwa na hali itakayojirudia. Hilo ndilo unalolazimika kukubali, na hakuna zaidi. Hali ikishajirudia, yatakayofuata yatakuwa yale yale yaliyofuata mara ya kwanza, kisha yale yale tena. Yaani kikomo cha idadi ya hali hakithibitishi kulala. Kinathibitisha kwamba takasa isiyolala itazunguka. Kijana alitaka kuufunga mlango, kumbe ameueleza tu umbo lake.

Nilipomwonesha alinijibu kwa adabu: "Ami, wewe ulishawahi kuona takasa isiyolala?"

Sijawahi. Wala wazee wa barazani hawajanisimulia. Lakini angalia jinsi swali lake lilivyohamisha mzigo. Karatasi ilisema "lazima"; swali linasema "haijaonekana". Hapa ndipo msomaji mpole anapojaza pengo: anachukua uzoefu wake mwenyewe wa kucheza, anaupachika katikati ya mstari wa 3 na wa 4, halafu anasema uthibitisho umekamilika. Ameshuhudia kitu ambacho hakimo kwenye karatasi, na hata yeye mwenyewe hakijui.

Basi tukatafuta. Chukua kete tatu, chora mashimo matatu kwa duara, utie 2, 0, 1. Zoa zile 2 za shimo la kwanza: moja shimo la pili, moja la tatu. La tatu lilikuwa na kete, kwa hiyo unaendelea. Sasa una 0, 1, 2. Zoa 2 za shimo la tatu: moja la kwanza, moja la pili. La pili lilikuwa na kete. Sasa una 1, 2, 0. Zoa 2 za shimo la pili: moja la tatu, moja la kwanza. Umerudi kwenye 2, 0, 1, na mkono uko shimo la kwanza kama ulivyoanza. Fanya tena mpaka alfajiri, hulali.

Utasema, hayo ni mashimo matatu, mchezo wa watoto. Haya, chukua mashimo 16 kamili na kete 18:

```
3 0 1 2 0 1 2 0 1 2 0 1 2 0 1 2
```

Zoa 3 za shimo la kwanza, utie katika la pili, la tatu na la nne. La nne lilikuwa na 2, sasa lina 3. Sasa soma duara ukianzia hapo: 3, kisha 0 1 2, 0 1 2, tano tano vile vile mpaka unamaliza, kwa sababu yale mashimo matatu uliyoyapita yamebaki na 0, 1, 2. Ni sura ile ile, imesogea mashimo matatu. Kwa hiyo (na hii "kwa hiyo" ifunike uijaribu) kila utakapozoa utakuta 3, na kila kete ya mwisho itaangukia shimo lenye 2. Ukizoa mara 16 mkono umezunguka duara mara tatu na kila kitu kiko pale kilipoanzia.

Kati ya zile hali bilioni 16 na ushei, takasa hii inapita 16 tu, na haitoki humo. Mstari wa 4 haukuwa na upungufu wa maelezo. Ulikuwa si kweli.

Kijana hakukata tamaa. Alirudi na dai jipya: takasa ama hulala, ama hurudi pale pale ilipoanzia. Sababu yake: hali lazima ijirudie, kwa hiyo itarudi ile ya mwanzo. Nikasimama tena kwenye "kwa hiyo". Kwa nini ya mwanzo? Mtu anaweza kutoka kwao, akafika kijiji kingine, akawa anazunguka huko huko asirudi nyumbani maisha. Kujirudia hakusemi lolote kuhusu nyumbani.

Safari hii dai lilikuwa kweli, ila sababu haikutosha. Kilichokosekana ni hiki: takasa inaweza kurudishwa nyuma, na kwa njia moja tu. Nikikuonesha hali yoyote na mkono ulipofika, anza pale ulipo mkono urudi nyuma, ukitoa kete moja kila shimo. Utaendelea mpaka ukute shimo tupu, na hilo ndilo lililozolewa, maana lilizolewa likaachwa tupu, na yote baada yake yalipata kete. Kwa hiyo hakuna hali yenye hali mbili tofauti zilizoitangulia. Yule msafiri wetu hawezi kuingia kwenye mzunguko kutokea nje, kwa sababu pale anapoingilia pangekuwa na njia mbili za kufikia: anayotoka nayo na ile ya mzunguko wenyewe. Basi hali ya kwanza kujirudia lazima iwe ile ya mwanzo. Kijana aliandika hayo kwa mkono wake, mistari sita, na sasa "kwa hiyo" yake imeshika.

Wakubwa pia yamewapata. Mwaka 1879 Alfred Kempe, mwanasheria wa Uingereza, alichapisha uthibitisho kwamba ramani yoyote inapakika kwa rangi nne, nchi zinazopakana zisifanane. Ulikubaliwa. Miaka 11 baadaye, 1890, Percy Heawood akaonesha pengo: Kempe alibadilisha rangi mara mbili kwa pamoja, akachukulia kwamba kwa vile kila badiliko peke yake ni salama, yote mawili pamoja yatakuwa salama. Heawood alileta ramani ambayo mabadiliko hayo yanagongana. Dai lenyewe lilikuja kuthibitishwa mwaka 1976, kwa msaada wa kompyuta. Kwa hiyo waliomwamini Kempe waliamini jambo la kweli. Je, walifanya vyema?

Nadhani hapa ndipo swali langu la mwanzo linapopata jibu, angalau kwangu. Anayekubali dai la kweli kwa sababu mbovu hajadanganya kuhusu ramani. Amedanganya kuhusu kilichomshawishi. Amesema "nimeona" ilhali alichofanya ni kuamini. Kwa karatasi za Wambaa hakuna atakayeumia, lakini zoea ni lile lile: mstari wa 4 wa kwanza ulikuwa uongo na dai la pili lilikuwa kweli, na kwa msomaji aliyezoea kujaza mapengo, mapengo hayo mawili yalifanana kabisa. Hana namna ya kuyatofautisha ila kusimama na kuuliza.

Na kuuliza huko si kumvunjia mtu heshima. Ukimjazia mwenzako pengo kimya kimya umeandika juu ya karatasi yake kwa wino usioonekana, naye ataondoka akidhani ni wake. Ukimwuliza "kwa nini?", unamwachia kazi yake aifanye mwenyewe. Ile mistari sita ni ya kijana. Ningejaza kichwani mwangu siku ya kwanza, isingekuwa ya mtu yeyote.

Chini ya karatasi ameongeza mstari mmoja ambao sikumwambia: kwamba alichothibitisha kinahusu duara la mashimo 16 lisilo na nyumba, na kwamba anayetaka kusema kitu juu ya bao kamili lazima kwanza aoneshe miendo halali inayofikisha mchezo kwenye zile 3 0 1 2. Nimeufunika mstari huo kwa mkono, nikaufunua. Umesimama.