Siku Nne, Wala Usizipunguze!

Enyi mnaoanza kukimbia, nisikilizeni! Mmeambiwa mkimbie leo, mpumzike kesho, mkadhani hesabu imekwisha. Haijaisha! Juma lina siku saba, na saba haigawanyiki kwa mbili. Ukiruka siku moja moja bila kutazama kalenda, juma hili utakimbia mara nne, lijalo mara tatu. Nakusihi, kimbia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili zote mbili upumzike. Hizo ni siku nne za mapumziko kila juma. Mmarekani Josh Clark alipotunga mwaka 1996 mpango wa majuma tisa wa kumtoa mtu kwenye kochi hadi kilomita 5, naye aliweka mbio tatu tu kwa juma. Tena mbio za juma la kwanza ni kukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, kwa zamu, dakika 20 basi.

Utasema, “Mbona sichoki?” Hapo ndipo mtego ulipo! Moyo na pumzi hujirekebisha upesi. Majuma matatu tu, na kilima kilichokuhemesha unakipanda ukizungumza. Mfupa hauna haraka hiyo. Ukishtuliwa na mbio, mwili kwanza huchimba sehemu ya mfupa wa zamani na kuiondoa, halafu ndipo huanza kujaza mpya, na kujaza huko huchukua miezi. Kwa hiyo upo wakati ambapo muundi wako ni dhaifu kuliko siku ulipoanza, huku kifua kikikudanganya kwamba umekuwa shujaa. Na wewe, katika juma hilohilo, unaongeza mbio za Jumapili!

Mwangalie anayefanya hivyo. Amekimbia Ijumaa, akarudia Jumapili, na Jumatatu yuko barabarani tena kwa sababu ratiba imesema. Zile saa za kujenga zimeliwa. Maumivu huanza upande wa ndani wa muundi, yametandaa kama upana wa kiganja, na hupungua mwili ukipata moto. Huyo apunguze mbio, bado hajachelewa. Lakini maumivu yakijikusanya mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, yakauma akirukaruka kwa mguu mmoja, yakamwamsha usiku, aache kukimbia siku hiyohiyo aende hospitali. Huenda mfupa umeanza kupasuka.

Wala sikuambii ulale kitandani siku nne. Tembea, endesha baiskeli taratibu, ogelea ukipenda. Ila mpira wa jioni mtaani usiuite mapumziko! Ule ni mbio, tena za kusimama ghafla na kugeuka, na muundi unauhesabu hata kama wewe huuhesabu.

Ukitaka kuongeza, ongeza dakika ndani ya zile siku tatu. Siku ya nne ya kukimbia iache mpaka umalize majuma yote tisa bila muundi kulalamika.