Msiiamini Sufuria ya Vuguvugu

Wajukuu wangu, bei ya mkaa imewafanya wengi wenu kumwendea seremala awatengenezee jiko la jua: sanduku la mbao lenye kioo juu, karatasi ya kung'aa ndani na sufuria iliyopakwa rangi nyeusi. Nafurahi. Nami nimelitumia jiko hilo miaka mingi tangu nilipoacha kufundisha sayansikimu. Lakini kabla hamjamimina maharagwe humo, ketini niwaeleze yaliyotupata nyumbani kwangu Bahati Jumamosi moja ya mwezi wa Julai.

Nilikuwa nimeloweka kilo moja ya rosekoko usiku kucha. Asubuhi saa 2:30 nikayatia kwenye sufuria pamoja na maji yale yale niliyoyalowekea, nikaifunika na kuiweka ndani ya sanduku. Kufikia saa 5 kioo kilikuwa hakishikiki kwa moto. Nusu saa baadaye wingu likateremka kutoka upande wa Menengai, na kuanzia hapo jua likawa la kuibia: linatoka dakika 10, linajificha dakika 40. Sikujali. Nilijiambia kwamba sanduku limeshapata moto na maharagwe yataendelea kuiva polepole. Saa 10:30 jioni nikaitoa sufuria. Maharagwe yalikuwa yamevimba, maganda yamepasuka, na mchuzi umekuwa mwekundu. Mjukuu wangu mmoja alitafuna punje mbili akasema, "Shosho, hizi kwa ndani bado zinagoma." Nikakaanga kitunguu na nyanya, nikayachanganya kwenye jiko la gesi kwa dakika 5, tukala.

Saa 1:30 usiku watatu kati yetu tulikuwa tunatapika. Tumbo lilisokota, tukaharisha, na mtoto aliyekuwa amekula mengi zaidi alilegea hata nikaogopa. Kabla ya saa 6 ya usiku wote tulikuwa tumetulia, tumechoka tu na koo zinawasha. Nilimpa kila mmoja maji yenye chumvi na sukari, nami sikulala.

Nawaeleza saa hizo moja moja kwa sababu zenyewe ndizo zilizonionyesha kosa langu. Maharagwe mabichi ya jamii hii, yaani rosekoko, wairimu, mwitemania na ndugu zao, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na maharagwe mekundu ndiyo yenye nyingi kuliko yote. Hii si sumu ya dawa za shambani, wala haitokani na uchafu wa mikono. Mmea wenyewe umeizaa. Punje 4 au 5 tu zisizoiva zinatosha kumwangusha mtu. Dalili huanza baada ya saa 1 hadi 3, mtu akatapika sana, kisha ndani ya saa chache akapata nafuu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Nanyi wenye majiko ya jua, hapa nisikilizeni sana. Lektini huvunjika ikichemshwa kwa nguvu, lakini haivunjiki kwa joto la wastani. Vipimo vimeonyesha kwamba maharagwe yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kuliko mabichi, hata mara 5. Na nyuzi 80 ndizo sanduku la jua linazozifikia kwa urahisi siku ya mawingu. Zinalainisha ganda, zinatoa harufu nzuri, zinapandisha mvuke kwenye kioo, na sumu inabaki palepale. Ulaini si ushahidi wa usalama. Nilifundisha wasichana mapishi kwa miaka mingi, na jambo hilo sikulijua mpaka liliponilaza.

Halafu kuna suala la mahali tunapoishi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukipanda Molo yanachemka mapema zaidi, kama nyuzi 92. Kwa hiyo hata sufuria inayotokota hapa haina moto wa sufuria inayotokota Mombasa, na maharagwe hudai muda mrefu zaidi. Mwaka 1995, shirika la Solar Cookers International lilipopeleka majiko ya jua ya makaratasi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, liliyapeleka kwenye tambarare kavu ambako jua hukaa angani wiki nzima bila kizuizi. Mtu aliyejifunzia huko anaweza kuweka chungu asubuhi akaenda zake. Ukifanya hivyo Njoro au Bahati mwezi wa Aprili au Agosti, utakuwa umefuata maelekezo ya nchi nyingine.

Basi maharagwe yangu sasa nayafanya hivi. Nayaloweka usiku, kwa muda usiopungua saa 5. Asubuhi namwaga maji yote ya kulowekea, natia mapya, na nayachemsha juu ya moto wa mkaa au gesi kwa dakika 30 kamili, nikihesabu tangu mapovu yanapopanda kwa nguvu. Ndipo sufuria inapoingia kwenye sanduku, ikiwa bado inatokota, na sanduku lenyewe nimeliacha likiota jua mapema likiwa limefungwa. Kazi ya jua ni kulainisha kwa saa 2 au 3 zilizobaki, na hizo ndizo saa zinazokula mkaa. Mkaa wa nusu saa bado unatumika, ni kweli. Huo msijaribu kuuokoa. Mahindi ya githeri yanaweza kuungana na maharagwe tangu kwenye moto huo wa kwanza.

Kuchemsha kwanza kunapunguza pia hatari ya pili, ambayo ni ya kila chakula, si ya maharagwe pekee. Wafugaji wa kuku miongoni mwenu mnakijua kiangulio: sanduku lililozibwa vizuri, joto la nyuzi 37 na nusu, mayai yanaanguliwa. Jiko la jua lililofunikwa na wingu ni kiangulio. Mbao zake, magazeti yaliyoshindiliwa ubavuni, kioo chake, vyote vilivyowekwa ili kutunza joto, sasa vinatunza vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanaishi na kuzaana. Wapo wa aina ya klostridia wanaopenda mchuzi wa nyama, na kwenye nyuzi 43 hadi 47 mmoja anaweza kujigawa kila dakika 10. Fanyeni hesabu hiyo kwenye daftari. Baada ya saa 2 mmoja amekuwa 4,096. Baada ya saa 4 wamepita milioni 16. Na mbegu zao ngumu hustahimili kuchemshwa: ukishapika nyama vizuri ukaiacha ipoe polepole ndani ya sanduku mpaka jioni, mbegu hizo huamka. Aliyekula anaumwa tumbo na kuharisha kesho yake, akalaumu chakula cha hoteli.

Wapo wengine, wale wa wali ulioachwa vuguvugu, ambao huacha sumu isiyokufa hata ukiuchemsha wali tena. Kwa hiyo msiniambie, "Nitapasha moto tu." Kupasha kunaua bakteria aliye hai. Sumu aliyokwisha kuiacha haijali.

Kwa hiyo mkipika na jua, tazameni saa kama mnavyotazama anga. Kwetu hapa jua linafika utosini kama saa 6:30 mchana, wala si saa 6 kamili, kwa kuwa saa ya Kenya inafuata mstari ulio mashariki yetu. Simama uwanjani utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua liko juu vya kutosha kupika. Miezi mizuri kivuli hicho hupatikana kuanzia karibu saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na mwezi wa Julai muda huo hupungua pande zote mbili. Sufuria niliyoiweka saa 2:30 ilikaa saa nzima ikipata uvuguvugu tu, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku ile. Julai, tena, jua la mchana huwa upande wa kaskazini, basi kiakisi kielekezwe huko.

Chakula kinachoanza kikiwa baridi, kama viazi au kuku aliyekatwa vipande vidogo, mimi nakipa saa 2 kivuke nyuzi 60. Nina kipimajoto cha jikoni chenye sindano, nakichomeka katikati ya chakula bila kugusa kitako cha sufuria. Nyama naitaka ifikie 70 na zaidi mpaka ndani ya kipande kinene. Mvuke kwenye kioo hauniambii kitu, maana hata maji ya kuoga hutoa mvuke. Kuna vibomba vidogo vyenye nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 65 au zaidi kidogo, na ni vizuri mno kwa maji ya kunywa, lakini nta iliyoyeyuka haisemi lolote kuhusu maharagwe.

Na wingu likija? Msifungue kifuniko kila baada ya dakika 5, mnalitoa joto wenyewe. Wingu la dakika 20 sanduku zuri hulivumilia. Likizidi nusu saa, napima mara moja. Nikikuta juu ya 60, nafunga na kungoja. Nikikuta chini, naandika saa ukutani kwa chaki, na sisubiri jua lirudi: nawasha jiko, naichemsha sufuria mpaka itokote, na namalizia hapo hapo. Chakula ambacho kimekaa vuguvugu zaidi ya saa 4, au ambacho hakuna anayejua kilipoa lini kwa sababu sote tulikuwa shambani, nakimwaga kwenye shimo la mboji na kukifukia ili kuku na mbwa wasikiguse. Inauma kumwaga kilo ya nyama. Nimemwaga mara mbili, na mara zote mbili nililia kidogo.

Mnaoenda kazini mjini na kurudi jioni, msiache nyama, maziwa wala maharagwe yaliyolowekwa ndani ya sanduku yakisubiri jua. Hifadhini mapishi hayo kwa siku mtakayokuwa nyumbani.

Jumamosi njooni na maharagwe yenu yaliyolowekwa, saa 2 asubuhi. Moto wa mkaa utakuwa tayari, na kipimajoto kitapita mkononi mwa kila mmoja.