Kucheza kwa Mtoto Tumboni: Waraka kwa Binti Yangu

Mwanangu mpenzi,

Waraka wako umenifika, na katika hofu zote ulizozitaja nimeiona moja iliyokunyima usingizi: kwamba umeingia wiki ya 19 nawe hujamsikia mtoto akicheza, ilhali wifi yako, mwenye mimba ya tatu, alimsikia wake katika wiki ya 16.

Usijipime kwa wifi yako, kwani aliyekwisha kuzaa huitambua ishara ile mapema, na mwenye mimba ya kwanza aghalabu huisikia baina ya wiki ya 18 na ya 20, pengine baadaye kidogo. Nayo mwanzoni huwa hafifu, mfano wa mapovu yapasukayo majini, hata wengi hudhani ni riahi tu. Tena kama kondo la nyuma limejishika upande wa mbele wa tumbo, hukaa baina ya mtoto na ngozi yako, likazipunguza nguvu za mateke yake, wala hilo si maradhi. Ila ikitimia wiki ya 24 hujasikia kitu, mwendee mkunga akusikilizie mapigo ya moyo wa mtoto.

Akisha kuanza kucheza, usitaharuki kila atuliapo, maana mtoto hulala humo tumboni, mara nyingi kwa dakika 20 hadi 40, na ni nadra akiwa mzima kupitisha dakika 90. Kuanzia wiki ya 28 hivi utakuwa umeijua ada yake, kama ni mchangamfu baada ya chakula au usiku ulalapo, na ada hiyo ndiyo mizani yako, si hesabu ya mtoto wa mwenzio. Ukishuku kwamba imepungua, acha kazi, lala ubavu wa kushoto, umsikilize kwa utulivu muda wa saa mbili. Usipomsikia akicheza mara 10, au ukiona kwa yakini kwamba amebadilika, nenda hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku, usingoje kupambazuke.

Nakuhadharisha na kauli moja utakayoambiwa na watu wazima wenye nia njema, kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Kauli hiyo si sahihi: nafasi humpungukia, kwa hiyo mateke hugeuka kuwa kujinyoosha na kujipindua, lakini hapunguzi kucheza kwake hata uchungu uanzapo. Akina mama waliotulizwa kwa maneno hayo wamechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoleta msiba.

Basi kwa sasa, katika wiki yako ya 19, hofu hiyo haina mahali; iweke hadhari yako kwa wakati wake, na ukifika wakati huo usimwonee haya mkunga, hata ukimwendea mara nyingi ukakuta salama.

Mama yako akupendaye.