Daftari Lililojaa Vema

Daftari la mwanafunzi yule wa darasa la tano lilikuwa safi, na kurasa zake za Hisabati zilijaa vema za wino mwekundu, kila zoezi na sahihi ya mwalimu chini yake. Kwenye ukurasa mmoja aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5, akapewa vema. Ukurasa uliofuata aliandika 1/4 + 2/3 = 3/7, akapewa vema tena. Mtoto alikuwa akijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na kwa majuma matatu mwalimu wake alimthibitishia kwa wino kwamba yuko sahihi. Jaribio la mwezi lilipofika, zaidi ya nusu ya darasa walikosa maswali ya sehemu kwa namna ileile.

Mwalimu yule hakuwa mvivu, na hapo ndipo penye hatari. Alikuwa kijana mwenye bidii, aliyepewa darasa la wanafunzi 112 katika shule ya msingi ya Tanzania, miaka michache baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016 na madarasa kufurika. Uwiano uliokusudiwa na serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Yeye alikuwa nao zaidi ya mara mbili ya hao, wanne kwenye kila dawati, madawati 28. Na kwa kuwa aliambiwa kwamba ukaguzi ukifika huangaliwa wingi wa mazoezi yaliyosahihishwa, alitoa maswali kumi kila siku.

Hebu tupige hesabu yake. Maswali kumi kwa watoto 112 ni majibu 1,120 kwa siku. Daftari moja likisomwa kwa dakika mbili tu, yote yanachukua dakika 224, karibu saa nne, na bado ana vipindi vya darasa la sita na andalio la kesho. Hakuna mwanadamu anayeimudu kazi hiyo kila jioni. Jicho lilianza kutazama jibu la mwisho tu, kisha likatazama kama ukurasa umeandikwa, kisha mkono ukabaki kutembea peke yake.

Lakini rundo la madaftari lilikuwa mwisho wa tatizo. Mwanzo wake ulikuwa darasani. Aliwaweka watoto katika makundi ya wanane kwa kugeuza dawati la mbele litazamane na la nyuma, kila kundi na kiongozi mmoja hodari. Kiongozi alikokotoa, wawili waliomkaribia walinakili, waliobaki walinakili kwa wale wawili. Kiongozi akikosea, madaftari manane yanakosea kwa mwandiko tofauti. Dalili yake iko wazi kwa anayetaka kuiona: majibu ya kundi zima yanafanana hadi kosa, na kwenye jaribio la mtu mmoja mmoja alama zinaporomoka.

Na makundi yale hayakusimamiwa kwa sababu muda uliisha kabla. Kipindi ni dakika 40. Kila alipotaka watulie, alipaza sauti, au aligonga meza, au aliwapigisha makofi. Makofi yaleyale yalitumika pia kumpongeza aliyejibu vizuri na kuwachangamsha waliosinzia. Mtoto wa dawati la nyuma akisikia makofi hajui kama anyamaze au ashangilie, kwa hiyo anapiga tu. Kutuliza darasa kulimla dakika tatu, na alihitaji kufanya hivyo mara tatu kwa kipindi. Dakika tisa zikapotea. Zoezi likaanza kengele ikikaribia, madaftari yakakusanywa haraka, na hakuna aliyetembea kati ya madawati kuona nani anafikiri nini.

Aliyemsaidia alikuwa mwalimu wa kike, mtu mzima aliyefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi. Alifungua madaftari machache ya darasa la kijana yule, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, punguza kuandikisha. Anza na utulivu, mengine yatapata nafasi."

Wakaanza na ishara. Waliamua kwamba ishara ya kutulia itakuwa moja, isiyo na kazi nyingine: mwalimu anapiga makofi mawili, darasa linajibu kwa mawili, kisha anainua mkono na kila mtoto anainua wake akifunga mdomo na kuweka kalamu chini. Sauti ni kwa ajili ya waliompa mgongo. Mkono ni kwa ajili ya walio mbali, kwa kuwa anayemwona jirani ameinua naye huinua. Juma la kwanza waliifanyia mazoezi kama somo, hata wakati darasa limetulia. Sehemu ngumu ilikuwa ya mwalimu mwenyewe: kutosema neno hadi mkono wa mwisho upande. Akianza kuongea huku watatu bado wanapiga soga, amewafundisha wote kwamba ishara ile si lazima.

Kisha makundi. Dawati moja likawa kundi moja, watoto wanne, hakuna cha kugeuza. Kila mtoto akapewa namba ya nafasi yake, 1 hadi 4. Wanajadili swali moja kwa dakika tatu, halafu mwalimu anataja dawati na namba: "Dawati la 17, namba 3, tueleze." Hakuna anayejua ataitwa nani, hivyo aliyeelewa hulazimika kumwelewesha mwenzake badala ya kumpa jibu. Kila juma wanabadilishana nafasi. Njia hii haifai kwa swali lenye jibu fupi la kunakili. Inahitaji swali la kubishania. Lililofanya kazi kwenye sehemu lilikuwa hili: "Asha amesema 1/2 + 1/3 ni 2/5. Je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2?" Walipochora na kuona kwamba 2/5 haifiki nusu, dawati baada ya dawati walishtuka: nusu imeongezewa kitu, itapunguaje?

Mwisho ndipo likaja rundo. Maswali kumi yakawa manne. Matatu ya kwanza watoto wanasahihisha wenyewe kutoka ubaoni, kalamu za wino zikiwa zimewekwa chini na penseli mkononi, ili anayebadili jibu aonekane. Ukiona siku nzima hakuna hata mmoja aliyejipa kosa, jua wanabadilisha. Swali la nne ni la mwalimu, nalo linachaguliwa ili njia mbaya itoe jibu linalojulikana: 1/5 + 2/5, ambapo aliyepotea ataandika 3/10. Kila siku anachukua madaftari ya madawati saba tu, yaani 28, karibu saa moja ya kazi. Kwa siku nne amewasoma wote. Siku ya tano anafundisha upya kosa lililojirudia zaidi.

Watoto waliozoea 2/5 hawakuiacha upesi. Wengi walirudia njia ya zamani kila asili zilipotofautiana, kwa sababu vema zile nyekundu bado zilikuwa kwenye madaftari yao. Ilibidi warudi kwenye kurasa zile na kusahihisha upya, vema zikafutwa kwa mstari.

Walimu wakuu, walimu wa taaluma na wadhibiti ubora wa shule, mnapofika kwenye darasa la watoto mia moja, tafadhali msihesabu vema. Chukueni madaftari matatu, fungueni zoezi moja, na mwombeni kila mwenye daftari awaeleze alivyopata jibu.