Salamu za Bibi na Swali la Ukweli

Wako watu wanaosema kwamba salamu ndefu katika barua ni upotevu wa karatasi. Wako wengine, wakali zaidi, wanaosema kuwa salamu hizo ni uongo, kwa maana mwandishi husema "sisi sote hatujambo" hali anajua kwamba ndani ya nyumba yake mna ugonjwa na msiba. Shutuma ya kwanza ni ndogo. Ya pili yahusu maadili, nayo ndiyo tunayokusudia kuipima hapa.

Tutaipima kwa barua moja tuliyoruhusiwa na wenyewe kuisoma. Ilitoka Mpapura, katika mkoa wa Mtwara, kwa bibi mzaa mama, ikaenda kwa mjukuu wake wa kiume aliyeko masomoni Ujerumani. Ilitiwa tarehe ya mwezi wa Julai. Aliyeiandika kwa mkono ni mtoto wa shule wa jirani, bibi akitamka na mtoto akifuata kwa kalamu. Mwanzo wake ni huu:

"Kwa mjukuu wangu, mume wangu, mboni ya jicho langu. Salamu nyingi sana, na baada ya salamu nakuuliza hali. Umelalaje? Umeamkaje? Wala? Washiba? Mimi bibi yako sijambo, hofu yangu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu. Mjomba wako mkubwa akusalimu. Mjomba wako mdogo akusalimu. Mama yako akusalimu mno, na baba yako akusalimu, na wadogo zako wote watatu, kila mmoja kwa kinywa chake. Jirani yetu wa njia ya kisimani akusalimu, asema hajasahau ulivyomtekea maji. Mguu wangu wa kushoto nao wakusalimu, siku hizi hautaki kwenda shamba. Mikorosho yakusalimu, imeanza kutoa maua, ila ubwiriunga umeionea, na salfa ya kupuliza bado hatujapata."

Salamu zajaza ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili. Baada yake mna mistari minne tu ya habari, kisha dua na kwaheri.

Mtoto aliyeandika alikuwa amefundishwa darasani kwamba barua ina mwanzo, kiini na mwisho. Alipoona mkono wachoka na kiini hakijafikiwa, alipendekeza waandike "wasalimie wote" yaishe. Bibi akamwuliza, "Wote ni nani?" Swali hilo lina hekima. Atajwaye kwa neno "wote" hakutajwa. Tena utaratibu wa majina si wa kubahatisha. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa kusini huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Ndiyo maana wajomba wamemtangulia hata baba mzazi. Na neno "mume wangu" ni utani wa bibi na mjukuu, unaompa mzee ruhusa ya kusema lolote bila kuonekana analalamika. Kwa hiyo mjukuu, asomapo salamu hizi, aonyeshwa mahali pake pa kukaa katika ukoo, ingawa yuko ng'ambo.

Sasa tulitazame neno "sijambo". Asili yake ni "sina jambo", yaani sina neno la kunisumbua. Mara baada ya kulisema, bibi ataja mguu usiokwenda shamba na mikorosho iliyoingiwa na ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua kama unga na kuyafanya yasizae. Je, amesema uongo? Sisi twaona hapana. Kila aliyelelewa katika Kiswahili ajua kwamba mgonjwa aliyelala kitandani huulizwa hali akajibu "sijambo", kisha akaanza kueleza maumivu. Neno la kwanza lamwambia mgeni: usihofu, ungali na mtu wa kuzungumza naye. Ya pili ndiyo taarifa. Uongo ni kumfanya mwenzio asadiki jambo usilolisadiki mwenyewe, na hapa hakuna aliyedanganywa. Mjukuu aliusoma mguu akajua bibi ahitaji kupelekwa hospitali, akaisoma salfa akajua kwamba fedha zapungua nyumbani. Bibi hakuomba, lakini amekwisha kueleweka.

Lakini barua hiyo ilikuwa na jambo zito zaidi, nalo halikuandikwa. Katika barua zote zilizotangulia, baada ya wajomba alitajwa bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi. Safari hii hakutajwa. Mjukuu alisoma mara ya pili na ya tatu. Yawezekana, aliwaza, mtoto mwandishi ameruka mstari. Akangoja siku kadhaa, ndipo akampigia simu binamu yake na kuambiwa kwamba bibi mdogo alikwisha zikwa, na arobaini imepita.

Alipomlalamikia bibi, alijibiwa hivi: "Barua husomwa na mtu peke yake. Msiba haupokelewi na mtu peke yake. Nilitaka uulize, uambiwe ukiwa na watu."

Hoja hii yastahili heshima. Desturi yetu ni kwamba habari ya kifo hupelekwa na mtu, tena mtu mzima, naye huanza kwa kuamkia na kuketi kabla ya kutamka. Hata zama za simu za maandishi, zilizolipiwa kwa hesabu ya maneno, ujumbe uliofika bila salamu ulimtia mpokeaji hofu kabla hajaelewa maneno yake, kwa kuwa ufupi wenyewe ulikuwa tangazo. Naye Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi wake wa mwaka 1858, hakumtupia bintiye wasia ghafla. Alimwita kwanza akaribie, aketi, ashike wino na karatasi. Neno zito hutengenezewa mahali pa kutua.

Hata hivyo hapa ndipo tunapotofautiana na bibi. Kuruka jina ni ishara, na ishara hufaa pale tu mpokeaji anapoweza kuitofautisha na kosa la kalamu. Mjukuu huyu alilelewa Mpapura, na bado alisita. Mwanawe atakayezaliwa ugenini hatasita, kwa kuwa hataona pengo lolote. Tena kuna haki iliyopotea: haki ya kijana kulia pamoja na wenziwe, na kusoma dua siku ile ile waliyoisoma ndugu zake. Bibi alitaka asipokee msiba peke yake, na mwisho aliomboleza peke yake baada ya wengine kumaliza. Adabu iliyokusudiwa kumlinda ilimnyima kile kile ilichokusudia kumpa.

Lililopasa ni kumtafuta mtu huko huko aliko, Mtanzania mwenzake au rafiki, aambiwe kwa simu siku ya kwanza, naye aende kwa kijana, aketi naye, amweleze. Barua ingefuata baadaye na salamu zake zote, na mahali pa bibi mdogo pangeandikwa kwamba ametutoka.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanaoshutumu ni kwamba salamu ndefu si uongo, maadamu mwandishi na msomaji wanajua sheria moja ya kuzisoma. Pale sheria hiyo inapoanza kusahauliwa na mmoja wao, wajibu wa kusema wazi humwangukia yule anayejua habari. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nusu ya pili haiwezi kujazwa na pengo katika orodha ya majina. Lazima ajazwe mtu.