Ramadhani 1445, siku ya 12: Binti wa ndani au wa dukani?



Baada ya tarawehe mmoja wetu aliniuliza: "Ustaadhi, binti wangu namlipa 70,000, anakula na kulala kwangu. Si nimeshavuka kima cha chini?"

Nilimjibu hivi. Amri ya mshahara iliyoanza 1 Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayerudi kwao. Hiyo tofauti ndiyo malazi na chakula, kwa hiyo usimkate tena hela ya ugali.

Nikamuuliza, "Anashinda wapi?" Akacheka kidogo. Anafungua duka saa 2 asubuhi, anafunga saa 11 jioni. Nyumbani anaosha vyombo vya futari tu.

Sasa hapo ndugu yangu, huyo ni muuza duka anayelala kwako. Kima cha biashara kwa amri hiyo kilikuwa 150,000. Pungufu ilikuwa 80,000 kila mwezi, na kwa mwaka 960,000.

Akasema, "Lakini alikubali mwenyewe." Ndiyo, alikubali kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Sheria haimruhusu kukubali chini ya kima, na mimi sioni dhamiri inaruhusu vipi.

Alikuwa amemnunulia gauni la Idi. Nikamwambia ampe, ila asilihesabu kwenye ile 80,000. Gauni ni zawadi, ile ni deni.

Leo kabla ya futari, jiulize wako anashinda wapi.